Nilivyofundisha deni la oksijeni kwa mbio za mita 400

Nikisahihisha daftari za kidato cha pili hapa Nakuru, kosa moja lilikuwa halikosekani: mwanafunzi anaandika kwamba misuli ikipungukiwa na oksijeni hutoa asidi ya laktiki na kabonidayoksaidi. Anachanganya misuli na hamira. Hamira ndiyo hutoa gesi hiyo pamoja na alkoholi, ndiyo maana busaa hutoka mapovu. Basi nikaamua somo lianzie uwanjani.

Msichana mmoja alikimbia mita 400 kwa nguvu zake zote. Mvulana alizunguka uwanja taratibu, mwendo wa mtu anayeweza kuongea huku anakimbia. Wenzao walihesabu pumzi zao kwa dakika. Kabla ya mbio wote walikuwa kwenye 18 hivi. Msichana alipofika mwisho alikuwa na 48, na dakika 5 baadaye bado 28. Mvulana, muda huo huo baada ya kusimama, alikuwa karibu amerudi pale alipoanzia.

"Mwalimu, si nimeshasimama? Mbona bado nahema?"

Swali hilo tulilibeba hadi darasani. Mvulana alitegemea zaidi upumuaji wa seli wenye oksijeni:

C₆H₁₂O₆ + 6O₂ → 6CO₂ + 6H₂O + nishati nyingi

Msichana naye alitumia huo huo, lakini oksijeni haikufika kwa kasi ambayo misuli yake iliitaka. Pengo likazibwa na upumuaji usio na oksijeni:

C₆H₁₂O₆ → 2C₃H₆O₃ + nishati kidogo

Nikawaambia wahesabu atomi za kaboni. Kushoto 6, kulia 6, zote zimo ndani ya asidi ya laktiki. Hakuna iliyobaki ya kutengeneza gesi. Hapo nyuso zikabadilika, na kosa la daftarini likaanza kupotea.

Hesabu hiyo inaonyesha jambo jingine. Sukari haikuvunjwa hadi mwisho, kwa hiyo nishati nyingi bado imefungwa ndani ya asidi. Molekuli moja ya glukosi huipa seli molekuli 2 tu za ATP, ambayo ndiyo hubeba nishati ndani ya seli, kwa njia hii, ilhali kwa oksijeni hupata takriban 30. Faida yake ni kasi, na katika mbio fupi kasi ndiyo inayotakiwa.

Sasa jibu la msichana. Zao hilo la asidi husafiri kwa damu. Sehemu yake huchomwa kwa oksijeni na moyo pamoja na misuli mingine. Nyingine hufika kwenye ini na kurudishwa kuwa glukosi, kazi inayohitaji nishati. Misuli nayo hujaza tena akiba yake ya oksijeni. Oksijeni hiyo ya ziada ndiyo deni alilokuwa akilipa kwa kuhema.

Kesho yake alilalamika mapaja yanauma, na darasa zima likataja asidi ya laktiki. Nikawakatalia: huwa imeshaondoka kwa saa moja hivi. Maumivu ya siku ya pili hutokana na nyuzi za misuli zilizoumia kidogo kwa kazi nzito isiyozoeleka.