Nilivyofika kwenye Shilingi Tano kwa Neno

Mzee mmoja wa hapa Mji wa Kale, aliyenitangulia katika kazi hii ya tafsiri, aliniambia, "Mwanangu, wewe toza shilingi tatu kwa neno, usijisumbue na hesabu." Nami kwa adabu zangu nikamtii, nikachukua mwongozo wa usalama baharini kwa wavuvi, maneno 12,000 ya Kiingereza, nikijihesabia shilingi 36,000 mfukoni.

Pigo la kwanza lilitokana na lugha yenyewe. Sikuwa nimeandika popote ni maneno ya matini ipi yatakayohesabiwa, na mteja akahesabu ya tafsiri. Sasa Kiingereza hutumia maneno matano pale ambapo sisi husema "hawatatuona" tukanyamaza. Tafsiri yangu ikatoka na maneno 10,400, malipo yakashuka hadi 31,200, kisha ikakatwa kodi ya zuio ya asilimia 5, zikabaki 29,640.

Pigo la pili ndilo lililoniuma. Afisa mmoja wa mteja alitaka "life jacket" iwe "jaketi okozi", nikabadilisha kurasa zote. Mkubwa wake akasema wavuvi husema "boya", nikabadilisha tena, na kwa kuwa jaketi ni "la" au "ya" kutegemea mwandishi, na boya ni "la" na wingi wake "maboya ya", kila badiliko lilinilazimu kupitia sentensi nzima. Wiki iliyofuata likarudi jaketi okozi. Daftari langu lilionyesha saa 48 za kutafsiri, 8 za kujisahihisha na 22 za marekebisho yasiyolipwa. Nilipogawanya, nikapata shilingi 380 kwa saa, ilhali nilijidanganya kwamba ni 750.

Tangu hapo naanza na saa. Maneno 1,000 hunichukua saa nne kutafsiri, moja kusahihisha, na moja nyingine kwa duru moja ya maoni ya mteja. Nikitaka shilingi 700 kwa saa, hizo ni 4,200. Kwa ajili ya kodi hutenga kama asilimia 15, kwa sababu ile ya zuio ni malipo ya awali tu na hesabu kamili hufanywa katika ritani ya mwaka, ambayo mwisho wake hapa Kenya ni Juni 30. (Cheti cha zuio kidai mapema, bila hicho utalipa mara mbili.) Hapa msiongeze asilimia 15 juu ya 4,200, maana ukiitoa tena hairudi 4,200 bali hubaki kama 4,105, gawanyeni kwa 0.85. Hutoka takriban 4,940, nami husema shilingi tano kwa neno.

Katika nukuu ya bei huandika: maneno ya matini chanzi, duru moja ya marekebisho ndani ya siku saba, makosa yangu bure, mabadiliko ya ladha kwa saa. Mteja yule yule alirudi mwaka huu na maneno 8,000, akabadilisha mawazo kuhusu istilahi mbili, akapokea ankara ya saa tatu za ziada, akalipa bila neno.