Nilivyoinyoosha hadithi ya Kabula mpaka ikasomeka kwa sauti

Nimefanya uhariri kwa miaka mingi, na sikuwahi kuhangaishwa na kitabu kama nilivyohangaishwa na hiki cha kurasa 24. Ni hadithi ya picha aliyoiandika mwalimu mstaafu, rafiki yangu wa hapa Mwanza. Mtoto anaitwa Kabula, baba yake ni mvuvi wa dagaa, na usiku mmoja Kabula anamngoja mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inakofikia, huku akitazama taa za mitumbwi ziwani, asijue ya baba ni ipi. Hadithi nzuri, lakini sentensi yake moja ilikuwa hivi:

"Kabula alipokuwa akisubiri kurejea kwa baba yake aliyekuwa amekwenda kuvua dagaa, alihisi kuogopeshwa na giza lililokuwa limetanda ziwani."

Ushauri wa kwanza niliopewa, na mtu anayeijua kazi ya vitabu, ulikuwa kuhesabu maneno: kila sentensi isizidi maneno kumi, na neno lisizidi silabi mbili. Huo ushauri ulinipotezea karibu mwezi mzima, na mpaka leo unanikera. Kiswahili hakipimwi hivyo. Kitenzi chetu kikishabeba nafsi na wakati, tayari kina silabi tatu au nne, na mtoto wa miaka minne hutamka "nimeanguka" bila shida yoyote. Sentensi ile ya Kabula ina maneno 18 tu, lakini ukihesabu silabi, kama tunavyohesabu mizani ya shairi, zinafika 61, na 37 kati ya hizo ziko kabla ya ile koma. Msomaji anaishiwa pumzi Kabula hajaogopa bado.

Hata hivyo niliufuata, angalau kwenye urefu wa sentensi. Nikakata kila kitu: "Kabula aliketi. Kabula alingoja. Kabula alitazama. Kabula aliogopa." Nikachapisha kwenye duka la kopi, nikakunja karatasi na kuzibana pini katikati ziwe kitabu kweli, maana kwenye simu huwezi kujua ukurasa unageuzwa wapi. Kisha nikaenda Igombe, kando ya ziwa, kwa jirani yangu wa zamani, mama muuza vitumbua, ambaye jioni watoto hujaa barazani kwake. Nikamwomba asome yeye. Mimi nisingefaa kusoma, kwa sababu mhariri anaijua sentensi na sauti yake huziba mashimo. Anatakiwa mtu ambaye hajaliona andiko kabisa.

Alisoma vizuri, neno kwa neno, lakini sauti ilikuwa ya mwalimu anayeita mahudhurio. Kabula, Kabula, Kabula. Mtoto wa kwanza aligeuka kuangalia kuku ukurasa wa tatu. Wa pili alijilaza. Kufika ukurasa wa nane nilikuwa na wasikilizaji wawili, na mmoja alikuwa anangoja kitumbua. Jirani akafunga kitabu, akaniambia, "Dada, hii si hadithi. Ungenisimulia kwa mdomo ungesemaje?"

Nikamsimulia palepale. Nikajisikia nikisema "aliketi, akangoja, akangoja, akangoja," na nikaelewa nilichokuwa nimekiua. Msimulizi wa Kiswahili hufungua kwa -li-, halafu -ka- inabeba safari yote. Akaketi, akangoja, akaona. Nafsi imo ndani ya kitenzi, huna haja ya kulitaja jina kila mara, na msikilizaji anajua kabisa kwamba bado kuna jambo linakuja. Mimi nilikuwa nimeweka -li- na nukta kila mahali, kwa hiyo kila sentensi ilikuwa inaanza hadithi upya.

Nilirudi nyumbani na kalamu ya risasi. Tangu siku hiyo mtu anaposoma, mimi naweka alama tatu tu kwenye nakala yangu: mstari mahali ulimi ulipokwama, mkato mahali alipovuta pumzi, na duara mahali mtoto alipoangalia pembeni. Simu naiacha inarekodi ili niweze kuhakikisha baadaye.

Mistari ilijaa mahali pamoja: "lililokuwa limetanda." Li-li-lo, halafu li tena. Wasomaji watatu, wote walikwama hapo. Viungo kama -po-, -ye- na -lilo- ni vizuri kwenye gazeti, lakini vikifuatana kwenye kitabu cha kusomewa mtoto, vitoe. Nilijaribu pia "akakaa mchangani," nikaona ka-ka-a nayo inagongana, nikaandika "aliketi."

Mkasa mwingine ni wa kibwagizo. Niliandika "Taa, taa, u ya nani?" Silabi nane kamili, nami nikaipenda. Jirani alipoisoma ikatoka "tauya nani," watoto wakamtazama. Ile "u" ilimezwa na "a" iliyotangulia, tena siku hizi hakuna mtoto anayesema "u ya nani." Nikabadilisha: "Taa, taa, ya nani wee?" Silabi ni tisa. Mara ya pili tu kilipotokea, watoto walidaka "weee!" kabla yake. Mpaka leo ninaona fahari nikikumbuka.

Kuhusu maneno rahisi, kwanza rejesha yale ambayo wahariri huyafuta. Mtu mmoja alikuwa ameondoa "giza totoro" akaweka "giza nene sana," eti totoro ni neno gumu. Totoro watoto wameisikia kwa bibi zao. Vivyo hivyo "chubwi!" kitu kinapotumbukia majini. Neno rahisi ni lile ambalo sikio la mtoto limeshalisikia, liwe fupi au refu. Andiko lilikuwa na "ufukweni" kila ukurasa. Watoto wa Igombe wanasema mwaloni, nasi tukaandika mwaloni. Mtoto wa Dodoma ambaye halijui ataiona mitumbwi imepaki kwenye picha, na mzazi atamweleza.

Totoro ndiyo iliyofichua kosa kubwa kuliko yote. Mchoraji alikuwa amechora mwezi mkubwa, mviringo, juu ya ziwa. Binti wa miaka kama saba akaweka kidole kwenye mwezi: "Bibi, mbona mwezi unawaka? Mwezi ukiwaka hatuendi dagaa." Ni kweli kabisa. Dagaa hufuata taa, na taa haivuti kitu kama ziwa zima lina mbalamwezi. Wavuvi wa karabai, na sasa wa taa za sola, hungoja usiku wa giza. Tulishukuru kwamba picha bado zilikuwa za penseli, tukaufuta mwezi. Zingekuwa zimeshapakwa rangi, tungelipa si haba.

Basi ile sentensi ya silabi 61 sasa ni hivi:

"Kabula aliketi mchangani.
Akangoja, akangoja, akangoja.
Giza totoro."

Silabi 28. Baba hatajwi, kwa sababu ukurasa uliotangulia umemwonyesha akisukuma mtumbwi. Woga nao tumeuacha kwa mchoraji: Kabula amejifunika khanga ya mama mpaka puani. Chini kabisa, ukurasa wa kulia, kuna "Taa, taa, ya nani wee?" na jibu liko nyuma ya karatasi. Kwanza nilikuwa nimeliweka jibu ukurasa uleule, na watoto wakubwa walikuwa wanaliona kwenye picha kabla swali halijasomwa.

Nilirudi Igombe mara nne. Kila mara nilitafuta watoto wapya, maana walioisikia tayari hucheka kabla ya kichekesho na wanakudanganya kwamba kila kitu kiko sawa. Kopi na nauli zilikula kama elfu ishirini hivi, vitumbua sikuhesabu. Mara ya nne nakala yangu ilirudi na mistari miwili tu na haikuwa na duara hata moja. Jirani alipofunga kitabu, yule binti wa mwezi, ambaye alikuwa amekaa pembeni na wakubwa, akakichukua mkononi mwake na kuanza kuwasomea wadogo tangu mwanzo.