Nilivyoutunza mdomo wakati wa kemo

Baada ya kuondolewa uvimbe wa saratani kwenye utumbo mpana, nilipangiwa kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani. Yangu ilikuwa fluorourasili, inayosukumwa kwa sindano mshipani. Daktari alinieleza kwamba dawa hii hushambulia seli zinazozaliana upesi, na utando laini wa ndani ya mdomo umejaa seli za namna hiyo. Ndiyo maana mdomo huota vidonda, ila havitokei siku ya sindano. Mara nyingi huanza kati ya siku ya 5 na ya 10, wakati ambapo chembe nyeupe za damu nazo zinaelekea kushuka, na kidonda kidogo kinakuwa mlango wa maambukizi.

Kwa hiyo nilianza kwa daktari wa meno. Gego moja lilikuwa limeoza, likang'olewa, na kemo ikasubiri wiki mbili ili fizi ifunge.

Kilichonisaidia zaidi ni barafu. Nilikuwa nikibeba vipande vidogo kwenye chupa ya chai, naanza kumumunya dakika 5 kabla ya sindano, naendelea hadi nusu saa ipite, nikivizungusha chini ya ulimi na mashavuni. Baridi hubana mishipa ya damu, dawa ikafika mdomoni kwa uchache. Mama mmoja tuliyekaa naye alikuwa anapewa oksaliplatini, naye alikatazwa kabisa, maana kwa dawa ile baridi humkaba mtu koo. Muulize nesi kwanza dawa yako ni ipi.

Nyumbani nilisukutua kila baada ya chakula na kabla ya kulala: kikombe cha maji ya uvuguvugu, robo kijiko cha chai cha chumvi na robo ya beking soda. Nilitema, sikumeza. Magadi ya kulainishia maharage hayafai hapa, ni makali mno kwa mdomo uliochubuka, na beking pauda ni kitu kingine. Dawa za kusukutulia zenye spiriti niliziacha, zinakausha na kuunguza. Mswaki ulikuwa laini, na asubuhi niliuchovya kwanza kwenye maji ya moto ulainike zaidi. Ndimu, pilipili na chai ya moto vilipumzishwa. Nilikula uji uliopoa na ndizi za kuponda.

Kila jioni nilijimulika kwa tochi ya simu mbele ya kioo. Mzunguko wa pili wa kemo niliona utando mweupe kama mtindi kwenye ulimi na mashavu. Ulifutika kwa kitambaa ukaacha wekundu. Hiyo ilikuwa fangasi, na chumvi peke yake haiitibu. Nilipewa nistatini ya maji, naizungusha mdomoni muda mrefu ndipo nameza, bila kunywa wala kula chochote mara baada yake. Mswaki nikabadilisha. Kipimajoto kilikaa kando ya kitanda, kwa sababu agizo lilikuwa wazi: joto likifika 38, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata iwe usiku wa manane, na usimeze panadol kwanza, itaficha homa.