Mawe manane na mizani

Nilikuwa kidato cha tatu siku mwalimu wetu wa hesabu alipoingia na mizani ya sahani mbili kutoka maabara, na mawe manane yaliyokaribiana ukubwa. Akayaandika namba kwa chaki. Hakukuwa na vipimo vya gramu, ilikuwa kulinganisha jiwe kwa jiwe tu. Tulipate zito kuliko yote na jepesi kuliko yote, kwa mipimo michache iwezekanavyo.

Jibu la kwanza lilikuja haraka: mipimo 7 kwa zito, kisha 6 kwa jepesi kati ya saba yaliyobaki. Jumla 13. Mwenzetu mmoja akasema tuyapime kwanza mawili mawili. Mipimo 4, kila jiwe lililoshuka likawekwa kulia, lililopanda kushoto. Jiwe zito kuliko yote haliwezi kuwa kushoto, maana kila la kushoto limeshazidiwa. Jepesi nalo haliwezi kuwa kulia. Mipimo 3 kulia, 3 kushoto: jumla 10.

"Na 9 haiwezekani?" akauliza mwalimu. Nikainua mkono, nikitaka kujaribu. Akaisogeza mizani pembeni. "Haya, mwanangu, sasa mizani ni mimi."

Ubaoni akaandika Z na J mbele ya kila namba, yaani huenda ni zito kuliko yote, huenda ni jepesi kuliko yote. Jiwe likizidiwa, Z yake inafutwa. Likizidi, inafutwa J. Herufi ni 16, na kazi haijaisha mpaka ibaki Z moja na J moja. Kwa hiyo lazima zifutwe 14.

Nilipotaja mawe mawili ambayo hayajapimwa, herufi mbili zilifutwa. Nikalileta lenye Z pekee kushindana na lisilopimwa. Akasema lenye Z ndilo zito, ikafutika herufi moja tu. Nikaleta la Z pekee dhidi ya la J pekee. Akasema la Z ndilo zito, na hakikufutika kitu. Wala hakuwa anajipinga: jiwe ambalo halijazidiwa hata mara moja, hakuna kinachozuia liwe zito zaidi ya ulivyodhani.

Hapo nikaona ukuta wenyewe, na nilisisimka kweli. Kufuta mbili kwa uhakika kunahitaji mawe mawili mapya, na jozi za namna hiyo haziwezi kuzidi 4. Hizo zinafuta 8. Zilizobaki 6 zinafutwa moja moja. Mizani halisi inaweza kukupa bahati ukamaliza kwa 9, lakini hakuna mpango unaoweza kuahidi chini ya 10.

Kengele ilipolia bado tulikuwa tunaulizana kuhusu jiwe la tisa. Lipime na lile zito: likizidi, umemaliza, kwani haliwezi kuwa jepesi kuliko yote. Likizidiwa, lipime na lile jepesi. Kwa mawe tisa, basi, ahadi ni mipimo 12.