Mwaka mmoja na Leaf, umeme ukikatika

Jamani mnaouliza inbox kama gari la umeme linafaa Dar na huu umeme wetu, ngoja niwaambie ya kwangu. Nina Nissan Leaf used kutoka Japani, betri ya kilowati-saa 24 lakini imeshachoka, kwahiyo nikijaza full napata kama kilomita 100 tu. Natoka Mbezi ya Kimara hadi Posta kwenda na kurudi ni kama kilomita 40, hiyo inakula yuniti saba hivi, na soketi ya nyumbani kwa ampea 10 inarudisha kwa masaa matatu na nusu. Yani umeme ukikatika masaa manne usiku bado asubuhi naondoka vizuri, mradi nisiache betri ishuke chini ya nusu, kila nikifika home nachomeka hata kama sijaishiwa.

Siku iliyonitesa nilirudi na asilimia 15, umeme ukakatika mpaka kesho yake mchana, nikawasha jenereta ya jirani chaja ikagoma kabisa inawaka taa nyekundu. Kumbe jenereta haikuwa na earth, na chaja bila earth haipeleki moto kwenye gari. Nikapanda daladala.

Morogoro siendi nalo, ni karibu kilomita 190. Na kama unapanga chumba huna parking yenye soketi yako, mi nakwambia usinunue kwanza. Mwenye soketi, mwite fundi aivutie soketi hiyo waya wa peke yake kutoka kwenye meinswichi, maana soketi yangu ya kwanza iliyeyuka.