Kitabu ambacho mjomba hakuwa nacho

Idi el Fitri ya mwaka 2013 nilimpelekea mjomba kitabu. Nilikinunua Dar es Salaam, nikakifunga kwenye karatasi ya maua, nikapanda nacho basi alfajiri pale Ubungo hadi Tanga. Kilikuwa Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini cha Shaaban Robert, toleo la Mkuki na Nyota, jipya kabisa. Mjomba alikifungua, akakishika kwa mikono miwili, akanishukuru na kuniombea dua. Jioni nilipoingia chumba cha vitabu kutafuta chaja nikakiona kimeshapangwa. Kilikuwa kati ya vitabu viwili vikuukuu, na vyote viwili vilikuwa ni kitabu hicho hicho.

Kimoja kilikuwa chapa ya Nelson, karatasi zimekuwa rangi ya chai. Cha pili kilikuwa toleo lile lile nililomletea, ila la miaka ya nyuma na lenye jalada jingine, na ndani yake mtu mwingine ameandika: "Kwa Mwalimu, kwa heshima." Nami nilikuwa nimeshaandika kwenye ukurasa wa kwanza, kwa wino, "Kwa mjomba wangu mpendwa, Idi njema." Kwa maandishi yale kitabu kisingeweza kurudi dukani, na mjomba asingeweza kumpa mwanafunzi wake yeyote. Nilikuwa nimembebesha nakala ya tatu ambayo adabu inamzuia kuitoa.

Mjomba alifundisha Kiswahili kwa miaka thelathini na kitu, na nyumba yake ya Ngamiani ina chumba ambacho kimekuwa cha vitabu tangu binamu zangu wawili wa kiume walipooa wakahama. Kila mtu anajua anapenda kusoma, kwa hiyo kila mtu humletea vitabu, na kila mtu hufikiria vile vile: mwalimu wa Kiswahili, mtu wa Tanga, basi Shaaban Robert. Ndivyo nilivyofikiri mimi pia. Siku ile niliona haya, nikaazimia kwamba Idi ya Kuchinja, ambayo mwaka ule iliangukia Oktoba, nitamletea kitabu ambacho kwa hakika hana.

Nikaanza na binamu yangu Zuhura, ambaye bado anaishi pale nyumbani. Nilimwomba apige picha rafu zote mjomba akiwa msikitini, anitumie kwa simu. Alinitumia picha ishirini na sita. Nilikaa nazo usiku mzima na daftari, nikifanya kama nasahihisha mitihani, na nikagundua kwamba picha ya rafu inadanganya kuliko nilivyodhani.

Kwanza, vitabu vyetu vingi ni vyembamba. Tamthilia ya kurasa sitini na diwani ya mashairi hubanwa kwa pini katikati, havina mgongo wa kuandikwa jina. Kwenye picha vinaonekana kama mistari ya karatasi tu. Pili, mjomba ni mwalimu wa zamani, na mwalimu wa zamani huvika kitabu kava la kaki. Safu nzima ya juu ilikuwa ya kaki tupu, na jina limeandikwa kwa kalamu upande wa mbele, si mgongoni. Tatu, Zuhura alinipigia kesho yake kuniambia jambo ambalo picha hazikuonyesha kabisa: nyuma ya safu ya mbele kulikuwa na safu nyingine.

Kwa hiyo alirudia. Safari hii alivitoa vitano vitano, akavilaza kitandani, akapiga picha majalada, na vile vya kaki akavifungua ukurasa wa ndani wenye jina la mchapishaji. Ilimchukua Ijumaa tatu, kwa sababu Ijumaa ndipo mjomba huchelewa kurudi. Mkaza mjomba alikuwa mlinzi mlangoni. Bila watu hao wawili nisingefika popote.

Ukurasa ule wa ndani ndio ulionifundisha nilivyokosea mara ya kwanza. Nilikuwa nikiamini kwamba jalada likiwa tofauti, au mchapishaji akiwa tofauti, basi pengine ni kitabu kingine. Vitabu vyetu vya zamani vimehama mikono. Kilichotolewa na Nelson miaka ya 1960 kinaweza kutolewa tena Dar es Salaam miaka thelathini baadaye kikiwa na sura nyingine kabisa. Namba ya ISBN nayo husaidia upande mmoja tu. Mbili zikifanana, kitabu ni kile kile, huna haja ya kutafuta zaidi. Zikitofautiana hujajua kitu, maana kila mchapishaji na kila toleo hupewa namba yake. Na vitabu vya kabla ya mwaka 1970, ambavyo kwa mjomba vilijaa rafu mbili, havina namba hiyo kabisa. Ikabidi nilinganishe jina la mwandishi, jina la kitabu, na pale nilipotia shaka, sentensi ya kwanza ya sura ya kwanza. Zuhura alinisomea kwenye simu sentensi za kwanza kama ishirini hivi kwa sauti ya kunong'ona.

Nilipomaliza orodha nilidhani nimemaliza kazi. Mkaza mjomba ndiye aliyeniuliza, "Na vile vilivyoko nje?"

Mjomba huazimisha. Ana daftari gumu, kaunta buku, ambamo kila anayechukua kitabu huandika jina lake, jina la kitabu na tarehe, na akirudisha mjomba hupiga mstari mwekundu. Zuhura alipiga picha kurasa zote. Vitabu kumi na saba havikuwa na mstari mwekundu. Hivyo ni vitabu vyake, anavijua, anavihesabu, ila kwenye rafu havipo. Kama ningetegemea rafu peke yake, ningeweza kumnunulia kimojawapo na kesho yake jirani akakirudisha.

Lakini daftari lile lilinipa na kitu kingine. Kwenye rafu kulikuwa na Mzingile cha Kezilahabi, kimesimama peke yake. Watu wanaosoma Kezilahabi wanajua kitabu hicho kinakwenda sambamba na Nagona, kilichotoka mwaka mmoja kabla, 1990. Niliona ajabu mjomba kuwa na kimoja bila cha pili. Nikakikuta Nagona kwenye daftari: kiliazimwa mwaka 1996 na mtu ambaye, mkaza mjomba aliniambia, alihamia Mwanza na hajaonekana tena. Mistari miwili ya penseli ilikuwa imechorwa chini ya jina la kitabu, si chini ya jina la mtu. Nilielewa kwamba hapo ndipo panapomuuma. Kumletea mtu kitabu alichokuwa nacho kikapotea si kumletea nakala ya pili. Nilianza kukitafuta kwa wauza vitabu vya zamani wa Posta, nikawaachia namba yangu ya simu. Kilipatikana mwaka uliofuata, na hiyo ni hadithi nyingine.

Kwa Oktoba ile nilihitaji kitu kingine, na nikarudi kwa Shaaban Robert niliyekuwa nimemkimbia. Kwenye orodha yangu mjomba alikuwa na vitabu vyake kumi na tisa, riwaya, mashairi, insha, wasifu. Nikajiuliza mtu aliyesoma vyote hivyo bado ana hamu ya kujua nini. Nikakumbuka kitabu nilichowahi kukiona Mlimani: Barua za Shaaban Robert 1931-1958, kilichohaririwa na Mulokozi na kutolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 2002. Ni barua alizomwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge, kwa karibu miaka thelathini. Si kitabu alichokaa akakitunga ili kisomwe na watu, na kwa sababu hiyo huwa hakimjii kichwani mtu anayenunua zawadi.

Hakikuwamo rafuni, mbele wala nyuma, wala kwenye daftari. Hata hivyo niliogopa. Pengine alikisoma cha rafiki akakiona hakimfai, au amekiagiza na kiko njiani. Nilimpigia simu, nikamsalimia, tukaongea habari za mvua, kisha nikamuuliza kama mtu anayetafuta habari za kazi yake: "Mjomba, hivi Shaaban Robert alikuwa na ndugu?"

"Alikuwa na mdogo wake, Yusuf Ulenge," alisema papo hapo. "Wakiandikiana sana. Nasikia barua zile zilitolewa kitabu. Sijabahatika kukitia machoni."

Nilimshukuru, nikakata simu, na kesho yake nikaenda Mlimani.

Nilipata nakala mbili dukani. Nilizifungua zote ukurasa kwa ukurasa nimesimama, kwa kuwa nimewahi kununua kitabu nikakuta karatasi kumi na sita za katikati zimerudiwa na nyingine kumi na sita hazipo. Niliyoichagua ilikuwa nzima. Nilimwomba muuzaji anikubalie kuibadilisha ndani ya wiki mbili ikirudi safi, akaniandikia nyuma ya risiti. Na safari hii sikugusa ukurasa kwa wino. Maneno yangu niliyaandika kwenye kipande cha karatasi nene, nikakichomeka ndani kama alama.

Siku ya Idi, baada ya swala, watu walikuwa wamejaa barazani. Nilimwamkia, "Shikamoo mjomba," nikamkabidhi. "Marahaba, mpwa wangu." Alifungua karatasi taratibu, kama kawaida yake, bila kuichana. Aliposoma jalada hakusema neno. Alivua miwani, akaifuta kwa kanzu, akaivaa tena. Kisha akageuza kitabu, akasoma nyuma, akafungua katikati, na macho yake yakaanza kwenda kushoto kulia, kushoto kulia. Mkaza mjomba alileta pilau, akamwita mara mbili. Alijibu "ndiyo" bila kuinua kichwa.

Mimi nilikaa kwenye jamvi karibu na miguu yake nikimwangalia kidole chake kikishuka na mistari. Penye tarehe za barua kilisimama, akahesabu kitu kwa midomo, kikaendelea.

Baadaye mwalimu mwenzake wa zamani, mzee wa barabara ya pili yake, alikiona, akanyoosha mkono. "Ukimaliza niazime, Mwalimu. Nitaandika kwenye daftari."

Mjomba alikifunga kidole kikiwa bado ndani.

"Hiki hakitoki," alisema. "Njoo kila alasiri, tutakisoma hapa hapa barazani."

Yule mzee alikuja kesho yake saa kumi, na kiti chake.