Jinsi nilivyojumlisha posho yangu ya stendibai na saa za wito kwa mwezi mmoja

Mimi ni fundi umeme katika shamba la maua lililopo Usa River, mkoani Arusha, na kwa miaka kadhaa nilikuwa nikipokea malipo ya stendibai bila kuyakagua. Mafundi tuko watatu na tunapokezana wiki kwa wiki. Aliye zamu huendelea na kazi zake za mchana kama kawaida, lakini baada ya saa za kazi lazima simu yake iwe wazi, asiende mbali, asinywe pombe, na akiitwa awe amefika getini ndani ya nusu saa. Mwezi Agosti nilikuwa na wiki mbili za zamu, ya tarehe 4 hadi 10 na ya tarehe 25 hadi 31, na hati ya mshahara ilipokuja niliona shilingi 173,350 zimeandikwa kwa mkupuo mbele ya maneno “stendibai na wito”. Kiasi hicho hakikunikaa sawa, kwa hiyo nilikaa jioni mbili na daftari langu nikakipiga upya tangu mwanzo.

Jambo la kwanza lilikuwa kutenganisha vitu viwili ambavyo hati ya mshahara ilikuwa imevichanganya. Posho ya stendibai hulipwa kwa siku, iwe umeitwa au hukuitwa, na kiwango chake hakitoki kwenye sheria bali kwenye mkataba wetu: shilingi 8,000 kwa siku ya Jumatatu hadi Jumamosi, na 16,000 kwa Jumapili au sikukuu. Saa za wito ni kazi yenyewe, na hizo zinaguswa moja kwa moja na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Saa ya ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi wa saa, na saa ya kazi katika siku ya mapumziko ya wiki au sikukuu hulipwa mara mbili. Kazi ya kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi huongezewa angalau asilimia 5, na saa hiyo ya usiku ikiwa pia ni ya ziada, asilimia 5 hupigwa juu ya kiwango cha saa ya ziada, si juu ya saa ya kawaida. Mkataba wetu unaongeza kwamba kila wito hulipwa si chini ya saa mbili, hata kama kazi ilikwisha kwa dakika kumi.

Ili kupata mshahara wa saa moja nilifuata jedwali lililoambatanishwa na sheria hiyo: mshahara wa mwezi unagawanywa kwa 4.333 ili kupata wa wiki, kisha kwa idadi ya saa za kawaida za wiki. Sisi tunafanya saa nane Jumatatu hadi Ijumaa na saa tano Jumamosi, yaani 45. Mshahara wangu wa msingi ni 780,000, kwa hiyo saa moja ni shilingi 4,000 ukiacha senti. Hapa wenzangu wengi hukosea kwa kugawanya mshahara kwa siku 30 na kisha kwa saa nane, na matokeo yake wanajipunja, maana kwa njia hiyo saa yangu ingekuwa 3,250 tu. Wengine hukosea upande wa pili kwa kuingiza posho ya nyumba na ya usafiri kabla ya kugawanya, ilhali kinachotumika ni mshahara wa msingi peke yake. Saa yangu ya ziada basi ni 6,000, na ya Jumapili au sikukuu ni 8,000.

Posho yenyewe haikunichukua muda. Wiki ya kwanza ilikuwa na sikukuu ya Nane Nane, ambayo iliangukia Ijumaa, kwa hiyo siku tano zilikuwa za 8,000 na mbili za 16,000, jumla 72,000. Wiki ya pili ilikuwa na siku sita za kawaida na Jumapili moja, jumla 64,000. Zote pamoja ni 136,000.

Nyito zilikuwa nne kwa hesabu yangu, na mbili kati yake hazikuwa na utata. Jumanne ya tarehe 5 niliitwa kwa ajili ya pampu ya umwagiliaji kuanzia saa kumi na mbili na dakika kumi jioni hadi saa moja kamili. Ni dakika 50, lakini kwa kanuni ya saa mbili inalipwa 12,000. Sikuongeza chochote cha usiku, kwa sababu dakika zilizojazwa ili kutimiza saa mbili si dakika nilizofanya kazi gizani. Siku ya Nane Nane nilikuwa shambani kuanzia saa nne asubuhi hadi saa saba na nusu mchana, saa tatu na nusu kwa 8,000, jumla 28,000.

Wito wa tatu ndio ulionifundisha kusoma fomu yetu. Kompresa ya chumba cha baridi ilizimika Jumamosi ya tarehe 9 saa nne usiku, wakati maua ya kusafirishwa yakiwa ndani, na nilitoka getini saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumapili. Kwenye fomu nilikuwa nimeandika kama tunavyosema: “Jumamosi, saa 4:00 hadi 8:30”. Ofisini mtu aliyeingiza takwimu aliyasoma maandishi hayo kwa saa za kompyuta, akaingiza 04:00 hadi 08:30 ya Jumamosi asubuhi. Muda ulibaki saa nne na nusu vilevile, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Lakini kwa kuwa Jumamosi tunaanza kazi saa moja na nusu asubuhi, saa moja ya mwisho ilifutwa kama saa ya kawaida, zikabaki saa tatu na nusu kwa 6,000 na nyongeza ya usiku kwa saa mbili, yaani 21,600.

Hesabu sahihi inataka wito huo ukatwe saa sita usiku, kwa sababu mkataba wetu unaitaja Jumapili kuwa siku ya mapumziko. Saa mbili za kwanza ni za Jumamosi: 12,000 na asilimia 5 yake, 12,600. Saa mbili na nusu zinazofuata ni za Jumapili: 20,000, na asilimia 5 yake inafanya 21,000, kwa kuwa tulishakubaliana na ofisi kwamba nyongeza ya usiku Jumapili ipigwe juu ya kiwango cha siku hiyo. Jumla ni 33,600. Tofauti ya 12,000 ilitokana na namna ya kuandika saa tu, na ningeikosa kabisa kama nisingeona kwamba safu ya Jumapili kwenye takwimu walizoingiza ofisini ilikuwa tupu.

Alhamisi ya tarehe 28 nilijadiliana na nafsi yangu kwa muda. Niliingia saa mbili na nusu usiku kurekebisha jenereta, nikatoka saa tatu na robo, na nikiwa bado njiani kuelekea Tengeru ninakoishi nikaitwa tena, nikaingia saa tatu na dakika 50 na kumaliza saa tano. Ukihesabu nyito mbili kwa saa mbili kila mmoja utapata saa nne, wakati kati ya kuingia mara ya kwanza na kutoka mara ya mwisho zimepita saa mbili na nusu. Wenzangu walinishauri nidai saa nne. Mimi niliona kwamba wito wa kwanza ulikuwa tayari umenilipia hadi saa nne na nusu usiku, na si haki dakika zilezile zilipwe mara mbili. Nilizihesabu kama wito mmoja ulioendelea: saa mbili na nusu kwa 6,000 ni 15,000, na asilimia 5 ya usiku inafanya 15,750. Ofisi nayo ilikuwa imefika hapohapo.

Nilipohamishia hesabu kwenye ekseli nilikutana na kikwazo kimoja kinachostahili kutajwa. Saa tatu na nusu za Nane Nane zilionekana kama 3:30, na nilipozizidisha kwa 8,000 nikapata 1,166.67 badala ya 28,000. Kompyuta huhifadhi saa kama sehemu ya siku nzima, kwa hiyo tofauti ya kuingia na kutoka lazima kwanza izidishwe kwa 24, na seli ya jibu iwekwe kama namba ya kawaida:

```
=(D5-C5)*24
```

Wito unaovuka saa sita usiku niliuandika kwa mistari miwili, wa kwanza ukiishia 24:00 na wa pili ukianzia 0:00 wa tarehe inayofuata, ili kila mstari uwe na siku moja na kiwango kimoja.

Nyito nne zilifika 89,350, na pamoja na posho ya 136,000 jumla ya mwezi ilikuwa 225,350 kabla ya kodi na makato mengine. Nilikuwa nimepungukiwa 52,000. Elfu 12 nilishajua zilipopotelea. Elfu 40 zilizobaki zilinisumbua mpaka nilipogundua kwamba ni posho ya siku zilezile nne nilizoitwa: 8,000 ya Jumanne, 16,000 ya Nane Nane, 8,000 ya Jumamosi na 8,000 ya Alhamisi.

Nilimwendea mhasibu na karatasi zangu pamoja na nakala ya kurasa za kitabu cha getini, ambamo mlinzi huandika tarehe, saa na kama ni asubuhi au usiku, kisha tunatia sahihi. Kuhusu Jumamosi hakubisha. Alisoma mstari wa mlinzi, “kaingia saa nne usiku”, akasahihisha palepale. Kuhusu posho alikuwa na hoja.

“Kaka, mtu akishaitwa hasubiri tena. Tukimlipa saa na kusubiri tumelipa mara mbili,” alisema.

“Dada, Jumanne nimefanya kazi dakika 50,” nilimjibu. “Usiku uliobaki wote nilikuwa na simu mkononi. Na huko Marangu tulikuwa na msiba nisiweze kupanda.”

Tulifungua mkataba pamoja. Kifungu kinasema posho italipwa “kwa kila siku ya zamu”, hakisemi kwa kila saa ya kusubiri wala hakitoi siku yenye wito. Alikisoma mara mbili, akaniomba nimwachie karatasi ampelekee meneja. Naamini kama kifungu kingesema “kwa saa”, hoja yake ingekuwa na nguvu, na mimi ningelazimika kutoa saa za wito kwenye saa za kusubiri.

Shilingi 52,000 zililipwa mwishoni mwa Septemba kama malimbikizo, katika mstari wake peke yake. Fomu ya wito sasa ina safu ya tarehe ya kuingia na safu ya tarehe ya kutoka, na saa zinaandikwa kwa tarakimu za saa 24, pembeni yake neno “asubuhi”, “mchana”, “jioni” au “usiku”.